Jinsi ya kutunga fumbo la maneno la darasani: irabu ndizo zinazoshika jedwali

Mwalimu mmoja wa darasa la tano alituletea fumbo la maneno alilowatungia wanafunzi wake katika somo la maadili. Mojawapo ya vidokezo vyake kilisema: "Jambo jema kati ya watu, herufi tano." Mwalimu alikusudia AMANI. Mwanafunzi mmoja aliandika AHADI, na herufi zake zote zikaungana sawasawa na maneno yaliyopita juu yake. Akakosa alama. Akamwuliza mwalimu: kama neno langu si sahihi, mbona limeingia?

Mwalimu hakuwa na jibu, naye akatuuliza sisi. Jibu lipo, na linatokana na namna maneno ya Kiswahili yalivyoundwa. Katika makala haya tunatunga fumbo dogo kutoka mwanzo hadi mwisho, la vyumba saba kwa saba, kwa maneno ya somo hilohilo. Njiani tutaona kwa nini AMANI na AHADI huchanganyika, na mwalimu afanye nini kabla hajachapisha karatasi.

Tukubaliane kwanza kuhusu majina. Mstari ni vyumba vinavyolala kutoka kushoto kwenda kulia, na safu ni vyumba vinavyoshuka kutoka juu kwenda chini. Chumba cheupe hubeba herufi moja. Chumba cheusi hakibebi kitu; kazi yake ni kukata neno. Chumba ambacho maneno mawili yanakutana, moja la kulia na moja la kushuka, tutakiita njia panda.

Kwa nini maneno yetu yana mpango wake

Karibu kila neno la Kiswahili huishia kwa irabu, na ndani ya maneno mengi konsonanti na irabu hupokezana. Chukua neno AMANI: irabu, konsonanti, irabu, konsonanti, irabu. Chumba cha kwanza, cha tatu na cha tano vina irabu. Cha pili na cha nne vina konsonanti. UKARIMU ni hivyohivyo: U, A, I na U zimekaa katika chumba cha kwanza, cha tatu, cha tano na cha saba.

Sasa, tukichora jedwali ambalo njia panda zake zote ziko kwenye vyumba vya namba witiri, yaani 1, 3, 5 na 7, na tukatumia maneno yanayoanza na irabu kama haya, basi maneno yatakutana kwenye irabu tu. Irabu ni tano peke yake. Kutafuta neno lenye A mahali fulani ni rahisi kuliko kutafuta lenye G au Z, na ndiyo maana jedwali la namna hii hujazwa kwa penseli na kifutio katika muda mfupi, bila kamusi kubwa.

Maneno mengine hayakubali mpango huu. HESHIMA lina herufi saba, na mwalimu yeyote wa maadili angependa kulitumia. Lakini linaanza na konsonanti, na katikati lina S na H zinazofuatana. Ukilihesabu, vyumba vyake vya witiri vina H, S, I na A. Likutane na neno jingine kwenye chumba cha kwanza, na hilo jingine lazima liwe na H hapo. Likutane kwenye chumba cha tatu, linadai S. UPENDO nalo linavunjwa na N na D zilizoshikana, na zaidi ya hayo lina herufi sita, hivyo haliingii katika nafasi ya tano wala ya saba. Maneno haya yanafaa kwa jedwali jingine. Kulazimisha neno moja zuri ndiko huharibu mafumbo mengi ya darasani, kwa sababu mtunzi huanza kubuni maneno yasiyokuwepo ili yalingane nalo.

Kuchora jedwali lenye ulinganifu

Chora mraba wa mistari saba na safu saba. Kisha tia wino mweusi kila mahali ambapo mstari wa namba shufwa unakutana na safu ya namba shufwa: mstari wa 2, wa 4 na wa 6, kila mmoja katika chumba cha 2, cha 4 na cha 6. Hivyo ni vyumba tisa vyeusi. Ukiishia hapo, utakuwa na maneno manane, yote ya herufi saba, na kila neno litakutana na mengine mara nne. Kwa maneno ya somo la darasa la tano, hilo ni gumu.

Tunapunguza ugumu kwa kuongeza vyumba vyeusi vinne ili nusu ya maneno yawe ya herufi tano. Hapa ndipo ulinganifu unapoingia. Desturi ya mafumbo haya ni kwamba ukiigeuza karatasi juu chini, picha ya vyumba vyeusi ibaki ileile. Kanuni ya kuipata ni nyepesi: katika jedwali la saba kwa saba, ukitia weusi chumba fulani, toa namba ya mstari wake kutoka 8, toa na namba ya safu yake kutoka 8, kisha tia weusi chumba unachopata. Tulitia weusi mstari wa 3 chumba cha 2. Mwenzake ni mstari wa 5 chumba cha 6. Tulitia weusi mstari wa 2 chumba cha 5. Mwenzake ni mstari wa 6 chumba cha 3. Jumla ni vyumba kumi na vitatu vyeusi, na vyeupe thelathini na sita.

Kuweka namba hufanyika baada ya hapo. Soma jedwali kama unavyosoma kitabu, mstari baada ya mstari, na kila chumba kinachoanzisha neno la kulia au la kushuka kipe namba inayofuata. Chumba kinachoanzisha maneno mawili hupewa namba moja tu. Jedwali letu linakuwa hivi:

```
1 . 2 . . . 3
. ■ . ■ ■ ■ .
. ■ 4 . 5 . .
. ■ . ■ . ■ .
6 . . . . ■ .
. ■ ■ ■ . ■ .
7 . . . . . .
```

Kuna maneno manne ya herufi saba yanayozunguka ukingo kama fremu ya picha, na manne ya herufi tano ndani yake. Kila neno, refu au fupi, linakutana na mengine matatu.

Kujaza, na mahali tulipokwama

Kabla ya kujaza tuliandika orodha ya maneno ya somo na kuhesabu herufi. Ya herufi saba yaliyokubali mpango wa irabu ni ukarimu, ujasiri, utulivu, usikivu, usalama na uhalifu. Ya herufi tano ni amani, adabu na ahadi. Uaminifu tuliliacha kwa sababu lina herufi nane.

Tukaweka UKARIMU katika mstari wa kwanza. Herufi yake ya tatu ni A, na hapo ndipo namba 2 inapoanza kushuka, tukaweka AMANI. Herufi yake ya mwisho ni U, na hapo namba 3 inaanza kushuka, tukaweka UTULIVU. Namba 4 ya kulia inaanza kwenye A ya katikati ya AMANI na kuishia kwenye U ya pili ya UTULIVU. Neno la herufi tano linaloanza na A na kuishia na U tayari lilikuwa kwenye orodha: ADABU. Mpaka hapo mambo yalikwenda yenyewe.

Kisha tukaweka UJASIRI katika namba 1 ya kushuka, tukakwama. UJASIRI linaishia na I, na I hiyo inaangukia kona ya chini kushoto, ambapo namba 7 ya kulia inaanza. Mwisho wa namba 7 ni kona ya chini kulia, ambako UTULIVU limekwisha kuacha U. Kwa hiyo tulihitaji neno la herufi saba linaloanza na I na kuishia na U. Tulitafuta, hatukupata. Tukajaribu USALAMA badala ya UJASIRI. Sasa namba 7 ilitaka kuanza na A na kuishia na U, na hilo pia hatukulipata.

Kona hiyo ya chini kushoto ndiyo ngumu kuliko zote katika jedwali la namna hii, na ni vizuri mtunzi aijue mapema. Kona nyingine mbili hazina taabu hiyo: ya juu kushoto ni mahali ambapo maneno mawili yanaanza, na ya chini kulia ni mahali ambapo mawili yanaisha. Zile za juu kulia na chini kushoto ni tofauti, kwa kuwa neno moja linaishia hapo na jingine linaanzia hapo. Maneno ya Kiswahili yanaweza kuishia na irabu yoyote, lakini maneno marefu yanayoanza na irabu mara nyingi huanza na U, kwa sababu majina ya sifa na hali huundwa kwa U: ukarimu, utulivu, usalama. Kwa hiyo neno linaloishia kwenye kona hizo mbili ni heri liwe na U mwishoni. Kona ya juu kulia tulibahatika nayo, kwa sababu UKARIMU linaishia na U. Ya chini kushoto tuliikosea kwa sababu tuliangalia mwanzo wa neno tu, hatukuangalia linaishia wapi.

Hatukufuta kila kitu. Tulifuta neno la mwisho tu tuliloliweka, tukachagua linaloishia na U: USIKIVU. Mara namba 7 ikawa inataka kuanza na U na kuishia na U, nasi tukaweka UHALIFU.

Yakabaki maneno mawili ya ndani. Namba 6 ya kulia inaanza kwenye herufi ya tano ya USIKIVU, ambayo ni I, na chumba chake cha tatu ni herufi ya mwisho ya AMANI, ambayo pia ni I. Tulihitaji neno la herufi tano lenye I mwanzoni na I katikati. Orodha yetu haikuwa nalo. Hapa mtunzi anaruhusiwa kutoka nje ya orodha ya somo, mradi neno liwe la kawaida ambalo mtoto analijua. Tulipata mawili, IGIZA na ITIKA, tukachagua ITIKA, kwa sababu kuitika unapoitwa ni sehemu ya adabu.

Namba 5 ya kushuka ikajipanga yenyewe: A kutoka ADABU, A kutoka mwisho wa ITIKA, I kutoka herufi ya tano ya UHALIFU. AHADI. Jedwali lililojaa ni hili:

```
U K A R I M U
S ■ M ■ ■ ■ T
I ■ A D A B U
K ■ N ■ H ■ L
I T I K A ■ I
V ■ ■ ■ D ■ V
U H A L I F U
```

Lisome kwa kulia: UKARIMU, ADABU, ITIKA, UHALIFU. Lisome kwa kushuka: USIKIVU, AMANI, UTULIVU, AHADI. Fanya ukaguzi huu kwa kila fumbo, kwa sauti na kwa pande zote mbili, kwa sababu kosa la herufi moja kwenye njia panda huharibu maneno mawili.

Kwa nini neno lisilo sahihi linaingia

Sasa turudi kwa yule mwanafunzi. Tazama AMANI na AHADI katika jedwali letu. Yote mawili yana herufi tano, na irabu zao zinafuatana sawa: A, A, I. Maneno yanakutana kwenye irabu tu. M na N za AMANI, au H na D za AHADI, hazipitiwi na neno lolote jingine. Ukibadilisha maneno hayo mawili mahali, hakuna kitakachogongana. Mtoto atamaliza fumbo zima, kila herufi ikiwa imeungana, na bado atakuwa na majibu mawili tofauti na ya mwalimu.

Hii ndiyo gharama ya urahisi tuliousifu mwanzoni. Kukutana kwenye irabu kunamrahisishia mtunzi, lakini kunampa mjazaji msaada mdogo. Anapopata I kutoka neno jingine, maneno mengi bado yanakubali hiyo I.

Kuna jaribio la kugundua hatari hiyo, nalo huchukua dakika chache. Chukua kila nafasi katika jedwali na uandike herufi za njia panda peke yake, nyingine uziache wazi. Namba 2 ya kushuka inakuwa A _ A _ I. Namba 5 ya kushuka nayo ni A _ A _ I. Kisha uliza: ni maneno gani mengine katika fumbo hili yangeingia hapa? Katika fumbo letu jaribio hili lilifichua zaidi ya tulivyotarajia. Namba 1 ya kushuka na namba 7 ya kulia zote zinabaki U _ _ _ I _ U, na maneno yote manne ya herufi saba yanaingia humo. Namba 1 ya kulia, U _ A _ _ _ U, inakubali UKARIMU na pia UHALIFU. Ni UTULIVU, ADABU na ITIKA tu ambayo nafasi zao hazikubali neno jingine la humuhumu.

Dawa ya kwanza ni kidokezo. Kidokezo cha jumla kama "jambo jema kati ya watu" kinafaa amani, adabu na ahadi kwa pamoja, na jedwali haliwezi kuamua. Kidokezo kizuri ni kile kinachokataa neno jirani. Kwa AMANI tuliandika: "Hali ya nchi isiyo na vita." Kwa AHADI: "Wahenga walisema hii ni deni." Kwa UKARIMU: "Tabia ya kumkaribisha mgeni na kumpa ulicho nacho bila kinyongo." Kwa UHALIFU: "Wizi, ujambazi na matendo mengine ya kuvunja sheria." Kwa USIKIVU: "Sifa ya mwanafunzi anayetega sikio mwalimu anapofundisha." Kwa UTULIVU: "Sifa ya mtu asiye na papara wala fujo." Kwa ADABU: "Mtoto mwenye hii huamkia wakubwa." Kwa ITIKA: "Sema abee au naam unapoitwa." Soma kila kidokezo ukiwa umefunika jibu, ujaribu kuliweka neno la jirani yake. Likikubali, andika upya.

Dawa ya pili ni kuchapisha konsonanti chache tayari katika jedwali tupu. Si lazima ziwe nyingi. Katika fumbo letu zinatosha tatu. M katika chumba cha pili cha namba 2 ya kushuka inaifungia AHADI mlango. S katika chumba cha pili cha namba 1 ya kushuka inabakiza USIKIVU peke yake. H katika chumba cha pili cha namba 7 ya kulia inabakiza UHALIFU, na hapo UKARIMU linabaki na nafasi moja tu. Baada ya hizo tatu, maneno manane yana mpangilio mmoja tu unaokubali.

Mwalimu aliyetuletea karatasi alikuwa amekwisha kuirudisha kwa wanafunzi. Tulimweleza kwamba kwa kidokezo alichoandika na jedwali alilochora, AHADI ilikuwa jibu halali kama AMANI, kwani hakuna kitu katika karatasi kilichoikataa. Alama ya yule mtoto ilistahili kurudishwa, na mwalimu akairudisha. Fumbo linalofuata alilifanyia jaribio la njia panda kabla ya kulichapisha, akakuta nafasi mbili zenye hatari, akatia konsonanti moja na kubadilisha kidokezo kimoja.